Makadirio ya mauzo ya bidhaa mpya isiyo na historia: niagize vifungashio vingapi?

MpangaStoo_Moro (mtoa mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninafanya kazi ya upangaji katika kiwanda kidogo cha vyakula hapa Morogoro, na tunakaribia kuingiza sokoni uji wa ulezi na karanga unaokorogwa kwa maji moto tu, katika pakiti ya gramu 250. Hatujawahi kuuza uji wa namna hiyo, kwa hiyo sina namba hata moja ya nyuma ya kuitegemea. Mchapaji wa vifungashio hapokei oda iliyo chini ya pakiti 5,000, na anatoza shilingi 350 kwa pakiti. Ukiagiza 10,000 bei inashuka hadi shilingi 270. Oda inachukua wiki tano kufika. Bosi anataka 10,000 kwa sababu ya hiyo bei.

Nilichofanya ni kuchukua bidhaa tano tulizowahi kuzindua na kutazama kila moja iliuza pakiti ngapi kwa duka kwa wiki, kuanzia wiki ya 5 hadi ya 12. Siagi ya karanga iliuza 3, unga wa lishe 6, chai ya tangawizi 2.5, asali ya chupa ndogo 2.5, na korosho za asali 8. Wastani ni 4.4. Tumeahidiwa maduka 120, kwa hiyo kwa wiki 12 napata kama pakiti 6,300. Naomba wenye uzoefu waniambie kama njia hii inasimama, kwa sababu nikiitazama namba hiyo moja naona aibu kuipeleka kwenye kikao kana kwamba nina uhakika nayo.

DukaLaPwani

Mimi nina duka Mombasa na huwa sijisumbui hivyo. Chukua mauzo ya miezi mitatu iliyopita, gawanya kwa tatu, ongeza kidogo kama Ramadhani iko karibu. Uji unakwenda sana mwezi wa Ramadhani, usisahau hilo.

MpangaStoo_Moro

Asante kaka, lakini hiyo miezi mitatu ndiyo sina. Bidhaa haijatoka. Kuhusu Ramadhani nakushukuru, kwa kuwa wiki zangu 12 haziigusi na nilikuwa sijaliandika hilo popote.

Mtakwimu_Ngamiani

Mtoa mada, ulivyoanza umeanza vizuri kuliko wengi, kwa sababu umepima kwa duka kwa wiki badala ya kulinganisha jumla za mauzo, ambazo zingekuwa zinapima tu ukubwa wa timu yako ya usambazaji ya mwaka ule. Umefanya vema pia kuruka wiki nne za kwanza, ambapo rafu zinajazwa na watu wananunua kwa udadisi. Kabla sijasema lolote kuhusu wastani, nina maswali matatu. La kwanza, hizo bidhaa tano ndizo zote mlizowahi kuzindua, au ndizo zilizobaki hai? La pili, namba hizo ni za mlichowapelekea wenye maduka au ni za kilichotoka dukani mikononi mwa wateja? La tatu, chai ya tangawizi ilikuwapo rafuni wiki zote nane ulizozihesabu?

MpangaStoo_Moro

Umenigusa pabaya, mkuu. Kulikuwa na bidhaa ya sita, uji wa mchele, ambayo tuliiondoa sokoni baada ya miezi minne. Iliuza 1.5. Sikuiweka kwa sababu niliona ilikufa kwa kosa letu wenyewe, maana pakiti yake ilikuwa inapasuka kwenye mshono.

Namba ni za kilichotoka. Kijana wetu wa mauzo huhesabu rafuni: akikuta 11 mahali alipoacha 24, anaandika 13, kisha anatoa zile zilizofunguliwa kwa kuonjesha au zilizotobolewa na panya. Daftari lake ndilo chanzo changu.

Kuhusu chai nimerudi kwenye daftari hilo. Kwa wiki tatu kati ya nane stoo yetu haikuwa na chai kabisa. Duka la kawaida liliuza pakiti 20 katika kipindi chote, nami niligawanya kwa nane.

SolaKisumu

Hilo la kuisha kwa mali naomba niliongezee kisa changu. Tuliwahi kuleta taa ndogo za sola, tukapeleka vituo vitatu. Kituo kimoja kiliuza 40 kwa mwezi na kingine kikauza 40 vilevile, na mwaka uliofuata tukavipangia sawa. Baadaye ndipo tulipogundua kwamba kimoja kilimaliza zile 40 katika siku tisa na siku zilizobaki kilikuwa kinawarudisha wateja. Taarifa ya mauzo ilikuwa inatuonyesha kiasi tulichopeleka, wala si kiasi ambacho watu walitaka. Kwa hiyo chai yako si 2.5. Gawanya 20 kwa wiki tano ilizokuwapo.

Mtakwimu_Ngamiani

Sawasawa. Chai inakuwa 4. Nina tahadhari moja tu hapo: wiki inayofuata baada ya mali kurudi huwa na wateja waliokuwa wakisubiri, kwa hiyo 4 inaweza kuwa imezidi kidogo. Kwa uamuzi ulio mbele yako tofauti hiyo si kubwa.

Uji wa mchele uurudishe. Naelewa kwamba pakiti ilipasuka, lakini jiulize: kabla ya kuuzindua, mlijua kwamba itapasuka? Hamkujua. Basi hata huu wa ulezi una jambo lake ambalo leo hulijui, na ndiyo maana bidhaa iliyokufa ina haki ya kukaa kwenye orodha kama zile zilizopona. Ukiondoa kila iliyoshindwa kwa sababu unaweza kueleza kwa nini ilishindwa, utabaki na washindi tu, kwa sababu hakuna bidhaa iliyoshindwa ambayo watu hawana maelezo yake baada ya tukio.

Sasa wastani. Mauzo ya bidhaa mpya hutofautiana kwa mara, hayatofautiani kwa kuongeza na kutoa: moja huuza mara mbili ya nyingine, au nusu yake. Korosho zako za 8 zinauvuta wastani wa kawaida juu peke yake. Ndiyo maana ninapendekeza ufanye hesabu kwenye logi, kisha urudi. Kwenye jedwali lako, mauzo yakiwa safu ya B na logi zake asilia, yaani =LN(B2) na kuendelea, safu ya C:

```
=GEOMEAN(B2:B7)
=STDEV.S(C2:C7)
```

Ya kwanza inakupa 3.6. Linganisha na ile 4.4 yako. Marekebisho ya chai yameipandisha, uji wa mchele umeishusha, na logi imeishusha zaidi. Ya pili inakupa 0.61, na hiyo ndiyo namba ambayo kikao chenu hakijawahi kuiona, kwa kuwa ndiyo inayosema bidhaa zenu zenyewe hutawanyika kiasi gani.

Ukiwa na mifano sita tu huwezi kujifanya unaujua mtawanyiko huo kwa uhakika, kwa hiyo kipimo unachotumia ni cha t chenye digrii 5 za uhuru, na mkengeuko huo wa 0.61 unaupanua kidogo kwa kuuzidisha kwa kipeuo cha pili cha 1 na 1/6, unafika 0.66. Masafa ya asilimia 80, yaani ambamo tunategemea mauzo yaangukie mara 8 katika 10, yanatoka 1.4 hadi 9.5 kwa duka kwa wiki.

BiAsharaTanga

Kutoka 1.4 hadi 9.5? Samahani mwalimu, lakini hayo si makadirio, ni kukiri kwamba hatujui. Nikimpelekea bosi wangu karatasi hiyo atanifukuza ofisini. Kuna njia ya kitaalamu zaidi, ule mfumo wa Bass wa mwaka 1969. Una namba tatu tu: ukubwa wa soko, wanaonunua kwa kujiamulia, na wanaonunua kwa kuwaiga wenzao. Unazichukua namba hizo kutoka kwenye bidhaa zilizotangulia na unapata mchoro mzima wa mauzo wiki kwa wiki.

Mtakwimu_Ngamiani

Dada, mfumo huo naufahamu na nimeutumia, na upo sahihi kusema kwamba namba zake huazimwa kutoka bidhaa za kufananisha pale ambapo historia haipo. Tatizo ni mahali unapoupeleka. Frank Bass aliujenga kwa ununuzi wa kwanza wa vitu vinavyodumu, mathalani friji au televisheni nyeusi na nyeupe, ambavyo nyumba ikishanunua imenunua. Uji unanunuliwa Jumatatu, unaisha Alhamisi. Kinachoamua mauzo ya wiki ya 12 ni wangapi waliojaribu wanarudi, jambo ambalo mfumo ule haulizungumzii. Zaidi ya hilo, ukubwa wa soko bado utakuwa umeukisia mwenyewe, na makosa ya namba hiyo moja yanatosha kuufunika uzuri wa mchoro wote.

Kuhusu masafa kuwa mapana, upana huo sikuubuni mimi. Bidhaa zao zenyewe zimeanzia 1.5 hadi 8. Mtu anayeleta namba moja kwenye kikao anazo habari zilezile, isipokuwa ameuficha upana.

MpangaStoo_Moro

Nimeielewa 3.6. Je, naizidisha kwa maduka 120 na wiki 12 kama nilivyofanya?

Mtakwimu_Ngamiani

Kabla hujazidisha, fungua tena hilo daftari. Katika zile bidhaa sita, mliahidiwa maduka mangapi, na kwa wastani wa wiki zote 12 bidhaa ilikuwa rafuni katika maduka mangapi?

MpangaStoo_Moro

Nimelala saa saba usiku kwa ajili ya swali hili. Kwa wastani wa bidhaa zote sita, tulikuwa rafuni katika asilimia 60 ya maduka tuliyoahidiwa. Mengine yalichelewa kuanza, mengine meneja wake alikubali kwa mdomo lakini oda hakuitoa, na mengine tuliishiwa. Sikuwahi kuihesabu namba hii kabla ya jana.

Mtakwimu_Ngamiani

Basi 120 mara 12 mara 0.6 ni wiki-duka 864. Zidisha kwa 3.6, unapata kama pakiti 3,100 badala ya 6,300. Makosa makubwa kwenye hesabu yako hayakuwa kwenye uji, yalikuwa kwenye maduka. Masafa yale ya asilimia 80 yanakuwa takriban 1,200 hadi 8,200, na kwa haki yangepaswa kuwa mapana zaidi, kwa sababu hiyo asilimia 60 nayo hubadilika kutoka uzinduzi mmoja hadi mwingine na hapa tumeishika kana kwamba imesimama.

KaziNaHesabu

Mimi nipo kwenye mauzo, na naona mazungumzo haya yanatusahau sisi. Mifano ya nyuma haijui kwamba mwaka huu mna pikipiki mbili za kusambazia na kwamba ladha ya uji huu ni nzuri kweli. Nimeonja kwa mwenzangu anayefanya kazi kiwandani kwenu. Mtu wa sokoni anajua vitu ambavyo jedwali halivijui. Kwa nini msiwaulize maofisa mauzo wenu?

Mtakwimu_Ngamiani

Tuwaulize, tena ni lazima, ila namna ya kuuliza ina nidhamu yake. Mkikaa mezani na wa kwanza kuzungumza akawa meneja akisema saba, watakaofuata watasema sita na nusu, saba, saba na nusu, na mtadhani mmekubaliana. Kwa hiyo kila mtu aandike peke yake kabla ya kikao, na aandike namba tatu: ya katikati, ya chini ambayo haamini kwamba mauzo yatashuka zaidi yake ila mara 1 katika 10, na ya juu kwa kipimo hichohicho. Kabla hawajaandika, waonyesheni zile bidhaa sita na namba zake, ili kila anayesema saba ajue kwamba anadai uji huu utazishinda zote isipokuwa korosho, na aandike sababu.

Kuna kisa kinachojulikana cha kampuni ya mavazi ya kuteleza thelujini, Sport Obermeyer ya Aspen huko Colorado, ambacho Marshall Fisher na wenzake walikiandika mwaka 1994. Mitindo ilikuwa mipya karibu yote kila msimu. Badala ya kamati kutoa namba moja ya pamoja, kila mjumbe alitoa makadirio yake, na wakagundua kwamba mitindo ambayo wajumbe walikaribiana ndiyo ambayo makadirio yalikuwa sahihi zaidi, na ile waliyotofautiana ndiyo iliyowapotosha. Wakazalisha mapema ile waliyokubaliana, na nyingine wakaisubirisha hadi waone oda za mwanzo. Kwa maneno mengine, kutofautiana kwa watu wako ni habari yenyewe. Usiifute kwa kutafuta muafaka.

MpangaStoo_Moro

Nimefanya hivyo kwa watu watano, kila mmoja na karatasi yake, nikazikusanya kabla ya chai ya saa nne. Namba za katikati ni 4, 4.5, 5, 6 na 7. Aliyeandika 7 ndiye mwenye kamisheni kubwa. Kisha nikatafuta makadirio ya zamani kwenye barua pepe: katika uzinduzi sita uliopita, matokeo halisi yalikuwa, kwa wastani wa njia ileile ya logi, 0.65 ya makadirio ya timu. Nikichukua 5 ya katikati na kuizidisha kwa 0.65 napata 3.25. Je, niseme sasa nina ushahidi wa pande mbili, 3.6 na 3.25?

Mtakwimu_Ngamiani

Usiseme hivyo. Hiyo 0.65 imetoka kwenye uzinduzi uleule sita ulioleta 3.6. Ni shahidi mmoja aliyeulizwa mara mbili. Unachoweza kusema ni kwamba matumaini ya timu, yakishapunguzwa kwa kiasi wanachozidisha siku zote, hayapingani na mifano. Basi baki na 3.6 na usibane masafa.

KaziNaHesabu

Kwa hiyo pikipiki mbili hazina thamani?

Mtakwimu_Ngamiani

Zina thamani, lakini mahali pake ni kwenye ile asilimia 60, si kwenye mauzo ya kila duka. Kama una sababu ya kuamini zitaifikisha 70, andika 70, tia sahihi yako na tarehe, na baada ya wiki 12 tutaona. Marekebisho ya busara nayapenda yanapogusa kiungo kimoja kinachoonekana. Yanayogusa jumla moja kwa moja huwa ni matumaini tu yaliyovaa tai.

BiAsharaTanga

Haya, nimekubali kuhusu Bass. Ila bado hamjajibu alilouliza mtoa mada. Aagize ngapi? Maana 3,100 haipo kwa mchapaji.

Mtakwimu_Ngamiani

Ni kweli. Namba ya katikati si lazima iwe namba ya oda. Faida kwa pakiti ni kiasi gani, ndugu? Na kifungashio kikibaki kinapotea?

MpangaStoo_Moro

Faida ni shilingi 900. Kifungashio hakina tarehe, tarehe tunagonga wenyewe, kwa hiyo kinakaa hata mwaka. Kinapotea tu bidhaa ikifa au maandishi yakibadilika. Unga tunasaga kila wiki, huo hautusumbui.

Mtakwimu_Ngamiani

Tuchukulie hali mbaya kwamba kila kinachobaki kimepotea. Ukikosa pakiti moja unapoteza 900, ukizidisha moja unapoteza 350. Gawanya 900 kwa 1,250, unapata 0.72. Maana yake agiza kiasi ambacho mahitaji yatakuwa chini yake kwa nafasi ya asilimia 72.

```
=3110*EXP(T.INV(0.72,5)*0.66)
```

Inatoka karibu 4,700, na mchapaji anaanzia 5,000. Kwa mtawanyiko huohuo, nafasi ya mahitaji kuzidi 5,000 ndani ya wiki 12 ni kama mara 1 katika 4, na kuzidi 10,000 ni kama mara 1 katika 15. Na kwa kuwa oda ya pili huchukua wiki tano, mkihesabu rafu kwa uaminifu hadi mwisho wa wiki ya 6 bado mna muda wa kuagiza tena kabla hazijaisha, isipokuwa kama uji utauzika kwa kasi ya korosho.

BiAsharaTanga

Hapo nina neno. Oda ya 5,000 ni shilingi 1,750,000, na ya 10,000 ni 2,700,000. Zile 5,000 za ziada zinamgharimu 190 kila moja, si 350. Na kama zinakaa mwaka mzima, hazijapotea. Bosi wake si mjinga.

Mtakwimu_Ngamiani

Sikusema ni mjinga, na hesabu yako ya 190 ni sahihi. Ukiiweka badala ya 350, kiwango kinapanda hadi kama 6,100, bado mbali na 10,000, ila hiyo ni kwa wiki 12 tu. Kwa mwaka mzima swali linageuka: je, bidhaa itakuwa hai? Katika bidhaa zao sita, moja ilikufa ndani ya miezi minne, na moja kati ya sita ni mfano mdogo mno kuutegemea. Hapo mimi na wewe tunaweza kutofautiana kwa haki. Kwangu, shilingi 950,000 za leo kwa kampuni ndogo ni nzito kuliko akiba ya shilingi 80 kwa pakiti ya kesho.

SolaKisumu

Mimi ningemuunga mkono bosi kama fedha ipo. Kama ni ya mkopo, 5,000.

MpangaStoo_Moro

Wakuu, narejesha mrejesho baada ya wiki ya 7. Bosi aliridhia 5,000, hasa baada ya kuona ile mara 1 katika 15. Tupo rafuni katika maduka 74. Wiki za 5 hadi 7, kwa maduka yaliyokuwa na mali, wastani ni 2.9, ndani ya masafa na chini kidogo ya katikati. Lakini hauko sawasawa: maduka ya Dar es Salaam yanauza 2 hivi, na manane yaliyo karibu na hospitali na vyuo hapa Morogoro na Dodoma yanauza 7 na zaidi. Aliyeandika 7 anazunguka ofisini akisema alijua. Nikitazama nyuma, hata siagi ya karanga ilifanya hivyohivyo kwenye maduka hayo manane, ila sikuwahi kuitenganisha.

Mtakwimu_Ngamiani

Maduka manane ni machache, na umeyachagua baada ya kuyaona yanafanya vizuri, kwa hiyo tegemea yashuke kidogo. Ila kama siagi nayo ilifanya vile, huo si mshangao mtupu. Tenganisha bidhaa zote sita kwa aina ya duka kabla ya uzinduzi ujao, na ile karatasi ya namba tatu mwambie mwenzako wa 7 aijaze tena, safari hii kwa kila aina ya duka.

KaziNaHesabu

Pikipiki je? 74 kati ya 120 ni asilimia 62.

MpangaStoo_Moro

Moja iko gereji tangu wiki ya pili.